Slabu inayovuja ikisubiri ghorofa: lami, rangi ya mpira au nailoni?

Kampala na miji inayoizunguka, paa nyingi bapa hazikujengwa ziwe paa. Ni sakafu za ghorofa ambayo bado haijajengwa. Mwenye nyumba humaliza chumba cha chini, humwaga slabu, huacha vyuma vya nguzo vimesimama juu, kisha huhamia ndani huku akitafuta pesa za kuendelea. Slabu hiyo ilimwagwa na watu waliokuwa wanafikiria sakafu: haina mwinamo, ina bomba moja la kutolea maji au haina kabisa, na kila nguzo imeacha vyuma wazi kwa mvua. Baada ya misimu michache dari huanza kuota madoa ya kahawia, halafu matone.

Hapo ushauri huja kutoka kila upande. Fundi atasema tupake lami. Muuza duka wa Nakasero atakuonyesha ndoo ya rangi ya mpira. Jirani atakwambia tandika kavera zito, yaani nailoni, uweke mchanga juu, yaishe. Kila mmoja wao ana paa ambalo ushauri wake ungefaa. Mwongozo huu ni wa paa la aina moja tu, slabu ya zege inayongoja ghorofa, kwa sababu ndilo ninaloliona likiharibiwa mara nyingi zaidi kwa kununua dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Kwanza, lisome paa lenyewe

Panda juu saa 48 baada ya mvua kubwa kuisha, ukiwa na chaki na rula. Maji yaliyobaki mpaka wakati huo ni maji yanayotuama, na hayo ndiyo yanayoamua zaidi ya kitu kingine utumie nini. Zungushia kila dimbwi kwa chaki, pima kina chake katikati, na uandike. Dimbwi la nusu sentimita ni jambo dogo. Dimbwi la sentimita 3 linalorudi kila mvua ni jambo kubwa, na kuna vitu vinavyouzwa kwa jina la kuzuia maji ambavyo havitamaliza mwaka ndani yake.

Kisha tafuta maji yanaingilia wapi. Usiamini doa la dari. Ndani ya slabu maji hufuata ufa, au hufuata bomba la waya za umeme lililofukiwa kwenye zege, na yanaweza kutokea mbali na yalikoingilia. Ndiyo maana taa ya katikati ya chumba hudondosha maji wakati shimo liko pembeni kwenye nguzo. Ukiona hivyo, zima umeme wa mzunguko huo kwanza, mengine baadaye.

Namna nzuri ya kutafuta ni kulijaribu paa kwa vipande. Ziba bomba la kutolea maji, jenga kizuizi kidogo kwa magunia ya mchanga, jaza maji ya kina cha sentimita 2 hadi 3 kwenye kipande kimoja, uache saa 24 huku mtu akikagua chini. Anza na kipande cha chini kabisa, kwa sababu ukianzia juu maji yatakimbilia chini na kukudanganya. Kila sentimita ya maji ni kilo 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo slabu iliyolegea katikati, yenye zege linalobanduka chini au vyuma vinavyoonekana vikiwa na kutu, usiijaze maji. Hiyo imevuka mwongozo huu: mwite mhandisi aliyesajiliwa aione kabla hujanunua chochote.

Kabla hujailaumu mvua, funga maji ya tangi siku moja. Tangi la juu lenye kifunga maji kibovu humwaga polepole usiku kucha, na nimeona slabu zikipakwa lami mara mbili kwa kosa la valvu ndogo.

Swali la tatu ni nyufa. Ufa mwembamba uliotulia mahali pamoja hauna shida. Ufa unaotembea ndio adui. Paka tonge jembamba la saruji laini juu ya ufa, upana wa kidole, katika sehemu mbili au tatu. Likipasuka ndani ya wiki mbili au tatu bila mtu kuligusa, ufa unafunguka na kufunga kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Chochote kigumu utakachopaka juu yake, pamoja na ule uji wa saruji na unga wa kuzuia maji ambao mafundi wengi huupenda, kitapasuka vilevile.

Swali la mwisho wengi hawaulizi: ghorofa itajengwa lini, kwa ukweli wa mfuko? Kama ni ndani ya mwaka mmoja, usitumie pesa nyingi juu, maana miti ya kushikilia fomu, zile mbao za kumwagia zege, na miguu ya mafundi itakipasua chochote utakachoweka. Kama ni miaka mitatu au zaidi, basi hilo ni paa na lihesabiwe kama paa.

Nailoni: inafaa, lakini si kazi unayodhani

Nianze na ya bei nafuu. Nailoni nyeusi ya ujenzi, ile ya geji 1000 ambayo ni unene wa mikroni 250, hufanya kazi nzuri sana chini ya sakafu ya chini, imefunikwa na zege, haioni jua. Ukiitandika juu ya slabu wazi, jua la ikweta huifanya iwe ngumu na kuvunjika kama ganda la kitunguu ndani ya miezi. Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba haikushikana na slabu. Tundu moja la msumari, au la ukucha wa kunguru, huruhusu maji kuingia chini, na yakishaingia hutembea kote chini ya karatasi. Yanapita kwenye ufa wowote yanaoukuta, na hutaweza tena kulijua tundu kwa kuangalia tone.

Kuweka mchanga juu yake hakusaidii. Mchanga hukaa na maji, huota majani, na sentimita 5 za mchanga uliolowa ni karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba.

Kuna plastiki nyingine, karatasi nene za milimita 1.2 hadi 1.5 zinazounganishwa kwa mashine ya hewa moto, ambazo ni paa la kweli. Hizo ni kazi ya kampuni yenye mashine na watu waliofunzwa, na zina sharti moja ambalo fundi wa kawaida hulivunja bila kujua: karatasi ya PVC isigusane na lami ya zamani. Lami huifyonza ule ulaini wake mpaka inakakamaa na kupasuka. Lazima kitambaa maalumu kitenganishe. Kwa nyumba ndogo inayongoja ghorofa sioni sababu ya kuifikiria.

Kazi halali ya nailoni kwenye paa hili ni mbili. Ya kwanza ni kusubiri kiangazi. Kama slabu imeanza kuvuja Aprili au Oktoba katikati ya masika au vuli, huwezi kubandika chochote juu ya zege lililoloa. Kata nailoni kipande kimoja kinachovuka ukuta wa ukingo pande zote, inyanyue katikati kwa mbao zilizolazwa juu ya matofali ili maji yateremke, na uifunge kwa papi za mbao upande wa nje wa ukuta. Usipige msumari hata mmoja kwenye slabu. Siku za jua ifunue, slabu ipumue. Kazi ya pili nitaieleza nikifika kwenye unyevu.

Rangi ya mpira: soma ni ya aina gani

Ndoo zote hufanana dukani na zote zimeandikwa zinazuia maji. Zilizo nyingi na za bei nafuu ni za akriliki. Hizi huyeyushwa kwa maji, hupakwa kwa brashi au rola, zikikauka huwa ngozi nyeupe inayovutika na kurudisha jua. Kwenye paa lenye mwinamo ni nzuri na hata hupunguza joto ndani. Kwenye dimbwi ni hasara: akriliki iliyokaa ndani ya maji kwa siku kadhaa hulainika, huvimba, na kubanduka ikiwa na alama ya dimbwi lenyewe. Ukiliona paa la rangi nyeupe lenye mabaka yaliyomenyeka mviringo, jua maji yalikuwa yakituama pale pale.

Aina ya pili ni ya poliyurethini, ambayo kwenye ndoo mara nyingi huandikwa PU. Hii huvumilia maji kutuama, huvutika sana juu ya nyufa, na hukubali kupakwa kuzunguka mabomba na vyuma ambako karatasi yoyote ingetaka kukatwa vipande. Ni ghali zaidi, ina harufu kali, na inachukia unyevu wa zege: ikipakwa juu ya slabu yenye maji ndani hutoa mapovu kama maandazi na kila povu ni tundu la kesho.

Ya tatu ni ile ya mifuko miwili, unga wa saruji na maziwa yake. Iache kwa bafu, matangi ya zege na mahali patakapofunikwa kwa vigae.

Iwe akriliki au PU, makosa ya wengi ni unene. Rangi hizi hupimwa kwa kilo kwa mita ya mraba, si kwa macho. Akriliki ya kuzuia maji inataka takriban kilo 2 kwa kila mita, ikipakwa mara mbili au tatu, na kila mkono ukivuka ule wa kwanza kwa njia panda. Fundi anayekwambia ndoo moja ya kilo 20 itatosha mita 40 anakuuzia rangi ya ukuta. Kwenye kona na juu ya nyufa lazima kitambaa cha nyuzi kizamishwe katikati ya mikono miwili, kwa sababu hapo ndipo ngozi ya rangi hukatika kwanza.

Lami: tofautisha ya kopo na ya kuchoma

Lami ya kopo, ile nyeusi ya kupaka kwa brashi, ni ya misingi na kuta zilizofukiwa. Juani hukauka, hupasuka kama tope la bwawa lililokauka, na baada ya miaka miwili unapaka tena. Mafundi wengine huizimua kwa dizeli ili iende mbali. Dizeli haitoki, lami hiyo hubaki laini, hushika viatu, na haibebi kitu kingine juu yake. Wanaotumia petroli wanacheza na moto.

Lami ninayoizungumzia kwa paa hili ni karatasi nene ya kuchoma kwa moto wa gesi. Roli moja ni mita 1 kwa mita 10, unene milimita 3 au 4, ndani yake kuna kitambaa cha poliesta, chini kuna nailoni nyembamba inayoyeyuka inapochomwa. Kwa jua letu chukua iliyoandikwa APP, unene wa milimita 4, na yenye chembe za mawe juu, kwa sababu chembe hizo ndizo mwavuli wake. Isiyo na chembe itabidi ipakwe rangi ya alumini na kurudiwa.

Nguvu yake ni kwamba unene unatoka kiwandani. Fundi hawezi kuupunguza, na dimbwi dogo haliisumbui. Udhaifu wake ni viungo na kona. Paa lenye mabomba mengi, miguu ya antena na vyuma kila mahali humlazimisha fundi kukata vipande vidogo, na kila kipande ni kiungo.

Nyumba moja ya Kawempe

Nieleze uamuzi kwa nyumba niliyoisimamia. Slabu ya mita 8 kwa 6, ukuta wa ukingo pande zote, nguzo sita zenye vyuma wazi, tangi la lita 1000, na bomba moja la inchi 2 kwenye kona. Upande wa pili, katikati ya ukuta mrefu, kulikuwa na dimbwi la karibu theluthi ya paa, kina cha sentimita 3 katikati. Kwa wastani wa sentimita 2 hayo ni zaidi ya lita 300 zilizolala pale kila mvua. Jaribio la maji lilionyesha njia mbili: mzizi wa nguzo mbili, na ufa mmoja uliokuwa ukitembea. Mwenye nyumba hakutarajia kujenga juu kabla ya miaka minne.

Fundi wake alikuwa na pendekezo: "Hajati, tumwage saruji juu tutengeneze mwinamo, halafu tupake rangi nyeupe."

Mwinamo unaokubalika ukishamalizika ni 1 kwa 80. Kutoka ukuta hadi ukuta, mita 6, hiyo ni sentimita 7.5 upande wa juu. Kila sentimita ya saruji na mchanga ni karibu kilo 20 kwa mita ya mraba, kwa hiyo paa lingeongezewa tani kadhaa, na siku ya kujenga ghorofa sakafu ingekuwa imeinama. Badala ya kuyapeleka maji kwenye bomba, tulilipeleka bomba kwenye maji: tulitoboa ukuta wa ukingo pale pale dimbwi lilipokuwa na kina, usawa wa slabu, tukaweka bomba la inchi 3 linalochomoza nje ili maji yasiteremke ukutani. Slabu yenyewe haikuguswa, maana kuichimba ni kukutana na vyuma vyake. Dimbwi la sentimita 3 likabaki unyevu wa milimita chache. Kwa kazi ya bomba moja, tatizo likapungua kuliko dawa yoyote ingeweza.

Ule unyevu uliobaki uliiondoa akriliki. PU ingefaa, lakini paa lilikuwa wazi, vizuizi vichache, na nguzo zote ziko pembeni. Tukachagua karatasi ya lami ya kuchoma. Kama paa hilohilo lingekuwa na paneli za jua zenye miguu kumi na mbili iliyofungwa kwenye zege, ningechagua PU bila kusita.

Hesabu ya vifaa ilikuwa hivi. Karatasi hupandana sentimita 10 ubavuni, kwa hiyo kila roli hufunika upana wa sentimita 90. Upana wa mita 6 unataka mistari saba ya mita 8. Roli saba, kila mstari kipande kimoja bila kiungo katikati, na kila roli inabakiza mita 2. Mabaki hayo ni mita 14. Kuta zina mzunguko wa mita 28. Tukikata mabaki vipande vya sentimita 33, kila kimoja kikifunika sentimita 90 za ukuta baada ya kupandana, tunahitaji vipande 32, yaani kama mita 10 na nusu. Kilichosalia kinatosha matundu mawili ya maji, na roli ya nane ilikuwa ya nguzo na akiba. Praima ya lami, ile ya kupaka kwanza ili karatasi ishike, ni takriban lita 0.3 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ilitosha na kubaki.

Vyuma vya nguzo

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Maji huteremka kwenye chuma, huingia ndani ya nguzo, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Unaweza kubandika karatasi bora kabisa slabu nzima na nyumba ikaendelea kuvuja kwenye nguzo.

Sugua vyuma kwa brashi ya waya mpaka kutu inayobanduka iishe. Kwaruza mzizi wa nguzo uwe mkavu na safi, kisha jenga kisiki cha zege zuri kuzunguka vyuma, kimo cha sentimita 25 juu ya slabu. Hicho ndicho karatasi ya lami itakachopandia. Juu yake vifunike vyuma vyote mpaka ncha kwa zege dhaifu, saruji 1, mchanga 3, kokoto 6, na kichwa chake kiinamishwe maji yasikae. Zege hilo ni la kuvunjwa siku ya kujenga. Pale kisiki na zege dhaifu vinapokutana, ziba kwa gundi ya poliyurethini ya kwenye mrija.

Usipake lami vyuma vya nguzo. Vinaonekana vimehifadhiwa, lakini zege jipya halitashikana na chuma chenye lami, na utakuwa umeidhoofisha nguzo ya ghorofa yako.

Kuandaa na kubandika

Chagua Januari au Februari. Kama imekushinda, Juni au Julai. Ondoa rangi na lami za zamani zinazobanduka, gonga slabu kwa nyundo nyepesi, na panapotoa sauti tupu chimba uzibe upya. Ufa unaotembea upanue kidogo juu, ujaze gundi ya poliyurethini, na juu yake ulaze mkanda wa karatasi ya lami usiochomwa katikati, ili ufa ufunguke bila kuivuta karatasi ya juu. Kila kona ya slabu na ukuta, na ya slabu na kisiki, ijazwe saruji iwe mteremko wa sentimita 4 au 5. Karatasi ikikunjwa kwa kona kali ya mraba hupasuka. Ipe saruji hiyo wiki moja ikomae.

Sasa kazi ya pili ya nailoni. Kata kipande kinachoona ndani cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike kwenye slabu kwa utepe wa gundi kingo zote, ukiache kutwa na usiku kucha, angalau saa 16. Asubuhi kikiwa na matone ndani au zege chini yake limekuwa jeusi, slabu bado ina maji. Subiri. Fundi akikwambia moto wa gesi utakausha, ujue moto hukausha ngozi tu. Maji ya ndani yatageuka mvuke jua likichoma na kuinua malengelenge chini ya karatasi.

Slabu ikiwa kavu, fagia, paka praima, iache mpaka kidole kisishike. Laza kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwenye kila tundu la maji, kiingie ndani ya bomba. Kisha anza upande wa chini, kwenye ukuta wenye tundu jipya. Kunjua roli yote, inyooshe, irudishe nusu, halafu choma na kuisukuma mbele. Moto uelekezwe pale roli inapokutana na slabu, uchome vyote viwili, mpaka ile nailoni ya chini iyeyuke na lami ing'ae. Mstari wa pili upande juu ya wa kwanza, ili kiungo kitazame maji yanakokwenda.

Kiungo kizuri hujionyesha chenyewe: ushanga mwembamba wa lami, kama nusu sentimita hadi moja, hutoka kingoni mfululizo. Pasipo na ushanga, ingiza ncha ya mwiko. Ikipenya, pachomwe tena. Ukiona kitambaa cha ndani au lami ikitoa moshi mzito, moto umezidi na kipande hicho kimeharibika.

Mwisho panda ukutani: sentimita 20 juu, 13 juu ya karatasi ya chini. Ukingo wa juu uingizwe kwenye mfereji mdogo uliochimbwa ukutani, sentimita 2, kisha uzibwe. Ukingo ulioachwa umebandikwa tu juu ya plasta utafunguka, na maji yatashuka nyuma yake. Tangi liondolewe kabisa kabla ya kazi na lirudi juu ya jukwaa lenye pedi chini ya miguu, na bomba lake la kufurikia lielekezwe kwenye tundu la maji. Mtungi wa gesi ukae mbali na moto, ndoo za maji ziwe karibu, na mtu abaki juu saa nzima baada ya kazi kukagua kama kuna kinachofuka, hasa karibu na mbao na mabomba ya plastiki.

Kukubali kazi

Ziba matundu, jaza sentimita 2 hadi 3 za maji kwa saa 24, nusu ya paa kwa wakati. Kagua dari, na pia mizizi ya nguzo kwa ndani. Andika na fundi kwamba sehemu ya malipo inabaki mpaka mvua kubwa za kwanza zipite. Machi haiko mbali na Februari. Madoa ya zamani ya dari usiyapake rangi mara moja, kwa sababu slabu hutoa maji yake ya ndani kwa wiki kadhaa na utadhani bado inavuja. Chora ukingo wa doa kwa penseli: likivuka mstari baada ya mvua, kuna tundu, likibaki ndani yake, linakauka.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kabla ya kila msimu wa mvua safisha matundu, na ukague kingo za ukutani. Lengelenge dogo lisilokua liache. Linalokua likate msalaba siku ya jua, likaushe, likunjue lichomwe tena, kisha bandika kiraka kinachovuka pande zote kwa sentimita 10.

Siku ghorofa itakapoanza, vunja zege dhaifu, sugua vyuma, na mhandisi apime kama kutu imekula unene wake kabla nguzo hazijaendelea. Karatasi ibanduliwe pale kuta zitakaposimama. Kwingine inaweza kubaki chini ya sakafu. Na mpaka slabu ya juu imwagwe, kila mguu wa mti wa fomu ulazwe juu ya kipande cha ubao.